Fahamu: Umekosa zabuni? Uliza uliangukia hatua gani

Nchini Kenya, kifungu cha 87 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinaitaka taasisi iwaandikie walioshindwa zabuni na kuwaeleza sababu.

Barua nyingine husema tu "hukukidhi vigezo". Hiyo si sababu. Mzabuni aandike mara moja, aulize: niliangukia hatua gani, kwa kigezo kipi?

Jibu hilo ndilo la kufanyia kazi. Aliyeondolewa kwenye ukaguzi wa awali kwa kutoweka namba katika kila ukurasa, bei yake haikuangaliwa kabisa. Kuishusha safari ijayo ni kujipunja bure. Aliyepungukiwa alama za kiufundi akusanye ushahidi wa kazi alizokwisha kufanya.

Anayetaka kupinga uamuzi asichelewe: ana siku 14 tu.