Betri Isiyogusa Ethi

Chukua karatasi na kalamu tuichore saketi moja ndogo. Kushoto weka betri ya volti 12, upande wake wa hasi uguse waya mrefu unaopita chini ya mchoro wote. Waya huo wa chini tutauita ethi, na volteji yake tutaihesabu kuwa sifuri. Kutoka upande wa chanya wa betri, pitisha rezista ya omu 2 hadi mahali tutakapopaita A. Kutoka A shusha rezista ya omu 4 hadi kwenye ethi. Kulia weka alama B, kisha kutoka hapo shusha rezista nyingine ya omu 2 hadi kwenye ethi. Mwisho, kati ya A na B, weka betri ndogo ya volti 6, chanya ikitazama A na hasi ikitazama B.

Mahali kama A na B, ambapo vipande viwili au zaidi vya saketi hukutana, huitwa nodi. Swali letu ni jepesi kulitamka: ukiweka mita kati ya A na ethi, itasoma volti ngapi? Na kati ya B na ethi?

Kwa saketi za kawaida, njia ya kujibu swali hilo inajulikana vizuri. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff, akiwa bado mwanafunzi mjini Königsberg, alieleza kwamba mkondo wote unaoingia kwenye nodi lazima ulingane na mkondo wote unaotoka. Umeme haurundikani kwenye makutano ya waya. Basi unakwenda nodi kwa nodi, unaandika mkondo wa kila rezista kwa kugawanya tofauti ya volteji ya ncha zake kwa omu zake, unajumlisha, na unapata mlinganyo mmoja kwa kila nodi ambayo volteji yake huijui. Nodi mbili zisizojulikana hutoa milinganyo miwili, na milinganyo miwili hutosha.

Ijaribu kanuni hiyo kwenye A. Mkondo unaotoka A kurudi kwenye betri kubwa ni (VA − 12)/2. Mkondo unaoshuka kwenye ethi ni VA/4. Imebaki njia ya tatu, ile inayopita kwenye betri ndogo, na hapo ndipo kalamu inapokwama. Betri ile haina omu za kugawanyia. Inachokuambia ni kwamba A iko juu ya B kwa volti 6, iwe inapitisha ampea 1, ampea 10 au haipitishi kitu. Kujua volteji ya chanzo cha namna hii hakukupi fununu yoyote ya mkondo wake. Mkondo huo huamuliwa na saketi iliyokizunguka, na hiyo saketi ndiyo tunayoitafuta.

Kama betri ndogo ingekuwa na upande mmoja kwenye ethi, tusingekuwa na taabu. Tazama betri kubwa: hasi yake iko kwenye ethi, kwa hiyo chanya yake iko volti 12 na hapahitajiki mlinganyo wowote. Shida hutokea pale chanzo cha volteji kinapokaa kati ya nodi mbili ambazo hakuna hata moja kati yake iliyo ethi.

Dawa yake ni kuacha kuuliza swali lisilo na jibu kwa sasa. Chora mstari wa duara unaozunguka A, B na betri ndogo kwa pamoja, kisha ulichukulie eneo lote lililo ndani kuwa nodi moja kubwa. Wahandisi huiita supanodi. Kanuni ya Kirchhoff haibagui ukubwa wa makutano: mkondo unaoingia ndani ya mpaka wowote uliofungwa ni sawa na unaotoka. Ni kama kuhesabu watu wa nyumba yenye vyumba viwili ukiwa umesimama mlango wa nje. Anayetoka chumba kimoja kwenda kingine hakuhusu. Mkondo wa betri ndogo ni huyo wa chumba kwa chumba. Hauukati mpaka, kwa hiyo hauingii kwenye hesabu.

Fuata mpaka huo kwa ncha ya kalamu uone ni waya gani zinaukata. Ni tatu tu: rezista ya juu kushoto, ile ya omu 4 chini ya A, na ile ya omu 2 chini ya B. Ukijumlisha mikondo inayotoka nje unapata:

(VA − 12)/2 + VA/4 + VB/2 = 0

Angalia kwamba ingawa supanodi ni eneo moja, bado ina volteji mbili. Kila rezista hutumia volteji ya upande inakogusa. Wanafunzi wengi wakishachora duara huanza kuandika herufi moja ya volteji kwa eneo zima, na hesabu huharibika papo hapo.

Sasa tuna mlinganyo mmoja na visivyojulikana viwili. Tumeunganisha nodi mbili, tukapoteza mlinganyo mmoja. Betri ndogo iliyotunyima mkondo wake ndiyo inayoturudishia:

VA − VB = 6

Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 4, utakuwa 3VA + 2VB = 24. Badala ya VA weka VB + 6, utapata 5VB = 6. Kwa hiyo VB ni volti 1.2 na VA ni volti 7.2. Mkondo unaoingia kutoka betri kubwa ni (12 − 7.2)/2, yaani ampea 2.4. Unaoshuka kwenye ethi chini ya A ni 1.8, na chini ya B ni 0.6. Jumla inatimia.

Mkondo wa betri ndogo, tuliouweka pembeni, sasa unajitokeza wenyewe. Rudi A: zimeingia ampea 2.4, zimeshuka 1.8, kwa hiyo 0.6 zilizobaki hazina njia nyingine ila kupita kwenye betri kuelekea B. Zinaingia upande wa chanya. Maana yake betri ndogo haitoi umeme, inachajiwa kwa wati 3.6. Wati nazo zinakubali: betri kubwa inatoa 28.8, rezista zinakula 25.2, na betri ndogo inapokea 3.6.

Jambo linalonivutia zaidi katika saketi hii huonekana ukiongeza rezista moja sambamba na betri ndogo, ncha moja kwenye A na nyingine kwenye B. Weka ya omu 5. Wengi hukimbilia kuiingiza kwenye mlinganyo wa supanodi, lakini fuata tena mpaka: rezista hiyo iko ndani yote, haiukati. Mlinganyo haubadiliki hata herufi moja. A inabaki volti 7.2 na B inabaki 1.2. Kinachobadilika ni kazi ya betri ndogo. Rezista mpya ina volti 6 kati ya ncha zake, kwa hiyo inapitisha ampea 1.2 kutoka A kwenda B, wakati zinazopatikana A ni 0.6 tu. Betri inalazimika kutoa 0.6 zilizopungua. Mita ya volti haioni tofauti yoyote, kumbe betri iliyokuwa inachajiwa sasa inaisha. Ukiweka rezista ya omu 10 badala ya 5, mkondo wake ni 0.6 kamili, na betri ndogo haitoi wala haipokei.

Kosa la kuogopa kuliko yote hapa ni alama. Mtu anaandika VB − VA = 6 badala ya VA − VB = 6, anapata VA = 2.4 na VB = 8.4, halafu anahakiki kwa Kirchhoff: zinaingia 4.8, zinatoka 0.6 na 4.2, sawasawa. Hata wati zitakubali. Majibu hayo ni sahihi kabisa, ila ni ya saketi nyingine, ile ambayo betri ndogo imegeuzwa. Uhakiki wa mikondo hauwezi kukuonyesha kosa hilo. Lazima urudi kwenye mchoro ujiulize: nikigusa chanya ya betri kwa waya mwekundu wa mita na hasi kwa mweusi, majibu yangu yanatoa +6? Kosa la pili ni rahisi kulinasa. Mtu anaandika mlinganyo wa A peke yake na kuisahau betri, kana kwamba haipitishi mkondo. Anapata VA = 8 na VB = 0, tofauti ni volti 8, na mchoro unasema 6.

Je, haiwezekani kuikwepa supanodi kwa kuhamisha ethi? Hakuna anayekulazimisha kuiweka chini. Ukiiweka B, basi A inakuwa volti 6 moja kwa moja. Lakini betri kubwa, ambayo mwanzo ilikuwa na upande mmoja kwenye ethi, sasa inabaki kati ya nodi mbili zisizo ethi, na umehamisha shida kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Vyanzo viwili visivyogusana haviwezi vyote kuwa na ethi moja. Bado uchaguzi mzuri wa ethi husaidia: iweke pale vyanzo vingi vya volteji vinapokutana, supanodi zitapungua.

Betri halisi, bila shaka, ina ukinzani wake wa ndani. Ukiipa betri yetu ndogo omu 0.1, mkondo wake unaandikika kama wa rezista yoyote na supanodi haihitajiki tena. A inakuwa kama volti 7.22 na B 1.17. Tofauti na majibu yetu ni ndogo mno, ndiyo maana kuihesabu betri kuwa kamilifu kunaruhusiwa katika saketi kama hii. Kadiri omu hizo zinavyokaribia sifuri, ndivyo unavyokaribia kugawanya kwa sifuri, na hapo supanodi inarudi kuwa ya lazima.

Programu za kompyuta za kupima saketi hupita njia nyingine. Toleo la kwanza la SPICE, lililotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilitegemea milinganyo ya nodi na lilitaabika na vyanzo vya volteji. Lililofuata halikuchora duara. Liliukubali mkondo wa kila chanzo cha volteji kuwa kitu kingine kisichojulikana na kuutafuta pamoja na volteji. Saketi yetu ya kwanza huandikwa hivi:

```
* saketi ya betri mbili
V1 P 0 12
R1 P A 2
R2 A 0 4
R3 B 0 2
V2 A B 6
.op
.end
```

Hapo `0` ni ethi na `P` ni chanya ya betri kubwa. Ukisoma majibu, kuwa makini na alama za mikondo: SPICE huhesabu mkondo wa chanzo kuwa chanya pale unapoingia kupitia nodi iliyotajwa kwanza. Kwa hiyo `V2` itaonyesha 0.6, yaani inachajiwa, na `V1` itaonyesha −2.4, yaani inatoa.