Utangulizi: Kucha Zinapogusa Maji

Anayepiga video za harusi mjini Kisumu, anayerekodi raga ya Dala Sevens na anayepanda mashua Dunga kutafuta ndege, wote watatu wana shida moja: jambo walilolifuata hupita kabla jicho halijalishika. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayekaa juu ya miti ya ufuoni, anaposhuka kumchukua ngege majini, tendo lenyewe huchukua kama nusu sekunde. Ukilitazama kwa kasi yake halisi unaona ndege, unaona maji yakiruka, kisha unaona ndege tena. Ukilipunguza kasi lote, kuanzia mtini mpaka mtini, mtazamaji anachoka kabla kucha hazijafika majini.

Fani ninayokukaribisha ndani yake ni ya kubadilisha kasi katikati ya picha moja, bila kuikata. Tukio linakuja kwa mwendo wake wa kawaida, linapungua kasi pale penye jambo, kisha linafyatuka kwa haraka kuliko lilivyokuja. Mafundi huiita rampu ya kasi. Msingi wake ni wa zamani kama sinema yenyewe, kwani kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, na aliyezungusha haraka alipata picha zilizokwenda polepole zilipooneshwa. Akira Kurosawa aliuingiza mwendo wa polepole katikati ya vurugu za Samurai Saba mwaka 1954. Filamu ya 300 ya Zack Snyder, iliyoingia kumbi za sinema mwaka 2007, ndiyo iliyowazoesha watazamaji wengi kuona kasi ikipanda na kushuka ndani ya pigo moja la mkuki. Leo simu ya mkononi inaweza kazi hiyo. Ndiyo sababu tunaiona imefanywa vibaya mara nyingi sana.

Kosa kuu ni la mpangilio. Mhariri anaanza kwa kuchagua kasi, kwa mfano robo ya kasi ya kawaida, kisha anatafuta mahali pa kuibandika. Mimi nafundisha kinyume. Tafuta kwanza fremu moja ambayo kabla yake tukio halijatokea na baada yake limekwisha kutokea. Kwa furukombe ni fremu ile kucha zinapogusa maji. Hiyo ndiyo nguzo. Mengine yote yanapimwa kutoka hapo kurudi nyuma, kwa sababu polepole inatakiwa iwe imeshafika kabla ya nguzo. Dereva wa matatu anayekanyaga breki akiwa tayari juu ya tuta hajawasaidia abiria wake.

Na kwa nini kabla? Kwa sababu kilicho cha thamani kwa jicho ni maandalizi. Tazama vizuri: furukombe akikaribia maji huacha kupiga mabawa, anayatandaza, kisha anairusha miguu mbele mpaka kucha zinatangulia kifua. Hapo mtazamaji anaelewa kitakachotokea, na anataka kukiona. Baada ya samaki kushikwa, nyayo za furukombe zenye vijimiba zikamzuia kuponyoka, hakuna swali tena. Kuendelea polepole hapo ni kumkawiza mtu ambaye ameshapata jibu. Ndiyo maana kasi irudi mara tu baada ya mguso, wakati maji bado yako hewani.

Sasa tuingie kwenye hesabu, ambayo ni nyepesi. Kenya tumezoea video ya fremu 25 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 100 kwa sekunde, kila fremu moja ya video yako ya mwisho ina fremu nne za kamera nyuma yake. Kwa kasi ya 100% programu inachukua fremu moja na kuruka tatu. Kwa 25% inazichukua zote, moja baada ya nyingine, bila kubuni hata moja. Kwa hiyo 25% ndiyo sakafu yako. Simu nyingi hazina 100 bali zina 120. Basi fanya video yako ya mwisho iwe ya fremu 30, na uwiano unabaki uleule wa nne kwa moja.

Tuchukue klipu ya furukombe yenye fremu 600, yaani sekunde 6 za kamera. Tumeipitia fremu kwa fremu na kuona kwamba miguu inaanza kurushwa mbele kwenye fremu ya 310, na kucha zinagusa maji kwenye fremu ya 340. Tunataka polepole iwe imekamilika kwenye fremu ya 305, iende hadi 345. Hizo ni fremu 40, na kwa 25% zitadumu sekunde 1.6 machoni pa mtazamaji. Zinatosha. Nimeona watu wakivuta pigo kama hili hadi sekunde nne, na ndege akageuka sanamu.

Je, mteremko wa kutoka 100% hadi 25% uanzie wapi? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mteremko hauli kitu. Unakula. Tuseme tunataka uchukue fremu 12 za video ya mwisho, karibu nusu sekunde. Mwanzoni mwake kila fremu inameza nne za kamera, mwishoni inameza moja, kwa hiyo wastani ni mbili na nusu. Mara 12, ni fremu 30. Mteremko basi uanze kwenye fremu ya 275, yaani 305 ukitoa 30. Ukiuanza kwenye 305, polepole itakamilika kwenye 335, wakati miguu imekwisha nyooka, na utakuwa umelipoteza lile jambo ulilolipandia mashua.

Kutoka polepole, mpando uwe mfupi kuliko mteremko, na ufike juu zaidi ya ulikoanzia. Mimi ningeupeleka hadi 200% kwa fremu 8 tu. Wastani hapo ni fremu nne na nusu za kamera, kwa hiyo mpando unameza 36, kutoka 345 hadi 381. Uiache 200% kwa fremu 10 za video, ndege akijinyanyua na mzigo wake, kisha uirudishe 100% anapoelekea kwenye mafunjo. Fremu 10 zinaonekana chache, lakini ndizo zinazomfanya mtazamaji ahisi nguvu ya kuondoka. Zikizidi, ndege anaanza kuchekesha.

Katika Premiere Pro kazi hii inafanyika kwenye `Time Remapping`, chini yake `Speed`. Unaweka nukta, unazitenganisha nusu mbili za nukta ili kupata mteremko, kisha unaukunja kwa kishikio chake. Katika CapCut ni `Speed`, halafu `Curve`, halafu `Custom`. Usizitegemee `Hero` na `Bullet` zilizo tayari, kwa kuwa hazijui kucha zako zinagusa maji wapi. Popote ulipo, zungusha kona za grafu. Mistari iliyonyooka ikikutana kwa pembe kali, jicho huhisi mshtuko mdogo mahali ambapo hakuna kilichotokea. Ukizungusha kwa usawa pande zote mbili za mteremko, wastani haubadiliki na zile fremu 30 zinabaki 30.

Sasa mambo yanayoharibika. La kwanza ni maji. Aliyerekodi kwa fremu 25 kisha akataka 25% analazimika kuiachia programu, kwa njia iitwayo `Optical Flow`, ibuni fremu tatu katika kila nne. Juu ya gari linalopita barabarani huenda usigundue. Juu ya matone yanayoruka na ncha za mabawa zinazopita mbele ya mafunjo utagundua: simamisha picha kwenye ncha ya bawa usogeze fremu moja moja, na ukiona bawa linayeyuka na kuvuta mabua pamoja nalo, hiyo ni kazi ya kubuni. Dawa yake ni kurekodi upya kwa fremu nyingi.

La pili liko upande wa pili wa rampu, na wachache hulitarajia. Kwa fremu 100, shata ya kawaida ni 1/200 ya sekunde. Polepole inapendeza sana. Lakini sehemu zako za 100% nazo zimejengwa kwa fremu hizohizo kali, wakati video ya kawaida ya fremu 25 ingekuwa na shata ya 1/50 na ukungu kidogo kwenye kila bawa. Matokeo yake ni kwamba mwanzo wa klipu, kabla ya polepole, mabawa yanarukaruka. Chagua `Frame Blending` kwa sehemu za kasi peke yake, ili fremu zile zilizokuwa zinarukwa zichanganywe na kurudisha ukungu ule.

La tatu ni mashua. Mtikisiko wa mkono ambao kwa 25% unaonekana kama kuelea, kwa 200% unazidi maradufu. Tuliza picha kabla ya kubadilisha kasi. Katika Premiere, `Warp Stabilizer` na mabadiliko ya kasi havikubali kukaa kwenye klipu moja, kwa hiyo tuliza kwanza, ifunge klipu kwa `Nest` ndani ya `Sequence` yenye fremu 100 kwa sekunde kama klipu yenyewe, usije ukazipoteza zile fremu za ziada, kisha jenga rampu juu ya hiyo iliyofungwa. Sauti nayo iondoe kabisa. Injini ya mashua ikipunguzwa mara nne inanguruma kama ng'ombe mgonjwa. Weka sauti ya maji uliyoirekodi kando, na pigo lake liangukie fremu ya mguso.

Kuhusu mwanga, Dunga inakupendelea asubuhi. Ghuba ya Winam inapanuka kuelekea magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi liko nyuma yako ukitazama ziwa, na upepo mara nyingi hutoka nchi kavu. Ndege wakubwa hupenda kushuka wakiukabili upepo, basi una nafasi nzuri ya kumpata akija upande wako. Alasiri upepo unageuka, hutoka ziwani, na utarekodi migongo. Wapigaji wa harusi wao wana tabu nyingine: taa za ukumbini kwetu zinafuata umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Ukirekodi kwa fremu 120 picha inamemetuka. Kwa fremu 100 inatulia.

Nina ombi moja kabla hujafungua programu. Picha iliyobadilishwa kasi haiwezi tena kupimwa, na mtafiti wa ndege akiiomba klipu yako ajue furukombe alishuka kwa mwendo gani, rampu haitamfaa kitu. Hifadhi faili ya awali bila kuigusa, na kwenye jina lake andika idadi ya fremu kwa sekunde, tarehe na mahali ulipoirekodi.