Mjamzito, dalili zimezidi na tarehe ya kliniki bado? Sema hivi uhudumiwe mapema

Kadi inasema urudi kliniki baada ya wiki mbili. Lakini tangu juzi kichwa hakiachi kuuma, na pete imegoma kutoka kidoleni. Je, usubiri tarehe au uende sasa?

Wajawazito wengi husubiri. Wanaona tarehe iliyoandikwa na nesi ni amri, na kwenda kabla yake ni kusumbua watu. Siyo hivyo. Tarehe ile ilipangwa kwa mimba iliyokuwa inaendelea vizuri siku ile ulipopimwa. Hali ikibadilika, mpango nao unabadilika.

Kwa anayeishi Misima, wilayani Handeni, jambo hili lina uzito wa pekee. Hospitali zilizo karibu ziko Handeni mjini na Korogwe, na ya rufaa ya mkoa ni Bombo, jijini Tanga. Yaani ukichelewa kuanza safari, bado kuna barabara mbele yako.

Hapa tunaangalia tatizo moja ambalo halisubiri tarehe: presha ya ujauzito inayoelekea kwenye kifafa cha mimba.

Kwa nini wiki mbili ni nyingi

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito aonwe mara 8 badala ya 4. Ratiba hiyo inaanza kabla ya wiki ya 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukiangalia vizuri, kati ya wiki ya 30 na ya 34 kuna mwezi mzima bila kipimo.

Kifafa cha mimba kinaweza kuanza ndani ya mwezi huo huo. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Kondo lisipopata damu ya kutosha, hutoa vitu vinavyoathiri mishipa ya damu ya mama mwili mzima. Presha inapanda, figo zinaanza kupitisha protini kwenye mkojo, na ubongo na ini navyo vinaguswa. Mama aliyepimwa akawa mzima kabisa anaweza kubadilika ndani ya siku chache.

Ndiyo maana mabadiliko unayoyaona mwenyewe nyumbani ni taarifa muhimu sana. Nesi hana njia nyingine ya kuyajua mpaka umwambie.

Dalili zipi hasa

Miguu kuvimba jioni, peke yake, ni kawaida kwa wajawazito wengi. Kinachotakiwa kukushtua ni uvimbe wa ghafla usoni na mikononi: umeamka macho yamevimba, au pete iliyokuwa inatoka kirahisi sasa haitoki.

Ya pili ni kichwa kinachouma na hakitulii hata baada ya kumeza panado. Ya tatu ni macho kuona ukungu, nyotanyota au vitu viwili viwili. Ya nne ni maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, wakati mwingine pamoja na kutapika.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Kwetu kichwa kikiuma, wazo la kwanza ni malaria. Chembe ikiuma, wanasema vidonda vya tumbo. Unanunua dawa dukani, siku mbili zinakwenda. Hata ukipimwa malaria ikaonekana, haimaanishi presha iko sawa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mjamzito aliyepita wiki 20 na kichwa kinamuuma lazima apimwe presha, hata kama malaria imepatikana.

Usiseme tu "najisikia vibaya"

Anayepokea simu au anayepanga foleni husikia "najisikia vibaya" mara nyingi kwa siku. Neno hilo halimsaidii kujua nani atangulie. Mpe mambo matatu: mimba ina wiki ngapi, kipimo cha mwisho kilikuwaje, na kipi kimebadilika tangu siku ile. Mawili ya kwanza yako kwenye kadi yako ya kliniki, kwa hiyo ishike mkononi kabla hujapiga.

Tuchukue mfano. Mama mwenye mimba ya kwanza alikwenda kliniki akiwa na wiki 30. Kadi inaonyesha presha 118/74 na mkojo hauna protini. Tarehe ya kurudi ni wiki ya 34. Sasa yuko wiki ya 32. Jumamosi vidole vilivimba. Jumapili kichwa kikaanza kuuma, akameza panado mara mbili, wapi. Jumatatu asubuhi anampigia nesi wa zahanati:

– Shikamoo sista.

– Marahaba mama, hujambo?

– Sijambo sana. Nina mimba ya wiki 32, ya kwanza. Tarehe yangu ya kliniki bado wiki mbili, ila naomba nije leo. Siku ile presha ilikuwa 118 kwa 74. Tangu juzi vidole na uso vimevimba, na tangu jana kichwa kinauma, panado haijasaidia.

– Macho je, unaona vizuri?

– Naona kama ukungu hivi.

– Mtoto anacheza?

– Anacheza.

– Usisubiri foleni ya mchana. Njoo sasa hivi, usije peke yako, na kadi usiisahau. Ukifika usikae kwenye benchi, niite.

Ona alichofanya. Hakuomba upendeleo. Ametoa wiki, namba na mabadiliko, na nesi akaweza kuamua ndani ya dakika moja. Angeishia kusema "kichwa kinauma", huenda angeambiwa anywe maji apumzike.

Kama huna namba ya nesi, usipoteze siku ukiitafuta. Nenda mwenyewe, na maneno hayo hayo mwambie mtu wa kwanza anayekupokea, kabla hujakaa kwenye foleni. Ujumbe mfupi wa simu unafaa kutanguliza taarifa, ila usikae nyumbani ukingoja ujibiwe.

Utajuaje kama umehudumiwa sawasawa

Presha inapimwa ukiwa umekaa na kupumzika kama dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ukipimwa huku bado unahema kutoka kwenye bodaboda, namba inaweza kudanganya. Ikifika 140/90 ni ya juu kwa mjamzito. Ikifika 160/110 ni dharura, na inarudiwa ndani ya dakika 15, siyo kesho.

Baada ya hapo mkojo unapimwa kwa kijiti kuangalia protini. Vipimo vyote viwili viandikwe kwenye kadi. Kama umeambiwa "uko sawa" bila presha wala mkojo kupimwa, bado hujapimwa. Omba kwa heshima: "Sista, naomba unipime presha na mkojo, halafu uniandikie kwenye kadi." Akikataa, omba kumwona mganga mfawidhi au nenda kituo kingine siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mama wetu. Presha inasoma 152/98. Baada ya dakika 15 ni 156/100, na mkojo una protini. Mtu anaweza kusema haijafika 160, aende tu nyumbani. Hapana. Kichwa kisichotulia pamoja na macho yenye ukungu vinaonyesha ubongo umeshaguswa. Kwa hiyo anachukuliwa kama mgonjwa wa hali kali hata kama namba haijafika juu kabisa.

Anachomwa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, kisha anapewa rufaa. Sindano hiyo huleta joto mwilini na huwatisha wengine, lakini kazi yake ni kuzuia degedege. Haishushi presha. Presha ina dawa zake, kwa mfano nifedipini. Kwa hiyo usishangae ukipewa vyote viwili.

Tatizo lenyewe huisha baada ya kujifungua, kondo likitoka. Ndiyo sababu ya rufaa: hospitali ndiyo inayoweza kuamua mtoto azaliwe sasa au asubiri kidogo chini ya uangalizi. Kwa wiki 32, mama anaweza pia kuchomwa sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto yakomae.

Wakati wa kutoomba tarehe kabisa

Kuna hali ambazo kupiga simu kuomba nafasi ya mapema ni kupoteza muda. Degedege au kuzimia, kutokwa damu, macho kushindwa kuona, kichwa kinachopasua, au mtoto kuacha kucheza. Hapo unaondoka, iwe mchana au saa nane usiku.

Piga 115. Simu hii ni bure, na ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea atauliza dalili na mahali ulipo. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, mfumo hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa, na nauli yao inalipwa na mfumo, siyo na familia. Taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana, kama shule, msikiti au kanisa. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi.

Mtu akipata degedege, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Ukipimwa ukakutwa sawa

Hilo nalo hutokea: presha 120/78, mkojo safi. Hukumsumbua mtu. Lakini usirudi kusubiri ile tarehe ya zamani kama vile hakuna kilichotokea. Muulize nesi: "Nirudi lini kupima tena, na nikiona nini nisisubiri?" Siku chache mbele ipimwe tena, kwa sababu protini na presha vinaweza kuja baada ya dalili.

Na hatari haiishii leba. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, hasa wiki ya kwanza. Mzazi aliyerudi nyumbani na kichanga, kichwa kikaanza kuuma na macho kuona ukungu, naye aende siku hiyo hiyo na aanze kwa kusema: "Nimejifungua juzi."