Upunguzaji wa Paleti katika Ramani za Matumizi ya Ardhi: Mfano wa Wilaya za Handeni na Korogwe

Makala haya yanafafanua jinsi rangi zinavyounganika pale ramani inapohifadhiwa katika muundo wa GIF au katika PNG yenye paleti, na namna ya kuzikinga rangi zinazobeba maana. Mfano uliotumika ni ramani ya matumizi ya ardhi ya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Eneo hili linafaa kwa sababu lina aina nyingi za uoto ambazo kwa mazoea huchorwa kwa kijani. Handeni ina misitu ya miombo, vichaka na mashamba ya mahindi. Korogwe ina mashamba ya mkonge katika nyanda za Mto Pangani na bonde la Lwengera, na juu yake, katika Usambara Magharibi, kuna msitu wa milimani na mashamba ya chai kama lile la Ambangulu. Chai hiyo huchukua eneo dogo sana la ramani nzima, nayo ndiyo hupotea kwanza.

Dalili ya upotevu huo ni rahisi kuitambua. Ufunguo wa ramani unaonesha kisanduku cha chai, lakini msomaji akiitafuta chai kwenye ramani haioni. Mahali pake pameandikwa kijani cha msitu. Mtahini anaweza kudhani kwamba mtafiti alikosea uainishaji, ilhali data ilikuwa sahihi mpaka dakika ya mwisho ya kuhifadhi picha. Kosa la namna hii ni zito kuliko picha yenye ukungu, kwa kuwa picha yenye ukungu hujitangaza yenyewe.

Katika picha ya kawaida ya rangi kamili, kila pikseli hubeba namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kikiwa kati ya 0 na 255. Ramani yenye pikseli 2400 kwa 1800 ina pikseli 4,320,000, hivyo huhitaji baiti 12,960,000 kabla ya kubanwa. Katika picha yenye paleti, rangi huorodheshwa mara moja mwanzoni mwa faili, kisha kila pikseli hubeba namba ya nafasi yake katika orodha. Paleti ya GIF, muundo uliotolewa na CompuServe mwaka 1987, haizidi rangi 256, na PNG yenye paleti ina ukomo uleule. Ramani ileile sasa huhitaji baiti 4,320,000 tu, na ikiwekewa rangi 16 huhitaji nusu ya hizo. Unafuu huo ndio unaowavuta watafiti wenye tasnifu yenye ramani thelathini na mtandao wa kusuasua.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa ufunguo una aina tisa tu za ardhi, kwa nini nafasi 256 zisitoshe? Jibu ni kwamba ramani iliyokwisha kuchorwa haina rangi tisa. Mara nyingi chini ya tabaka la matumizi ya ardhi huwekwa tabaka la kivuli cha milima, na kivuli hicho hubadili kila kijani kuwa ngazi nyingi za kijani, hasa katika miteremko ya Usambara. Kingo za maandishi na mistari hulainishwa pia: mstari wa buluu wa Mto Pangani unapopita katika mkonge huzaa pikseli za pembeni ambazo si buluu wala si kijani. Hesabu ya rangi hupatikana kwa amri moja ya ImageMagick:

```
magick ramani.png -format "%k\n" info:
```

Namba inayojitokeza kwa ramani ya aina hii huwa kubwa mno kuliko 256, na hapo programu hulazimika kuamua rangi zipi zibaki.

Njia moja ya kale ya kuamua ni mkato wa mediani, ulioelezwa na Paul Heckbert mwaka 1982. Rangi zote za picha huwekwa ndani ya mche mmoja wenye pande tatu za nyekundu, kijani na buluu. Mche hukatwa katika upande wake mrefu zaidi, mahali ambapo nusu ya pikseli hubaki kila upande. Vipande hukatwa tena na tena hadi idadi inayotakiwa ifikiwe, kisha kila kipande hupewa rangi moja, nayo ni wastani wa pikseli zilizomo. Neno la kuzingatia hapa ni pikseli. Njia hii hugawa nafasi za paleti kwa kufuata wingi, na haijui kwamba ufunguo wa ramani upo.

Hesabu ifuatayo inaonesha matokeo yake. Vipimo vyake vimechaguliwa kwa ajili ya mfano. Ichukuliwe kwamba msitu wa milimani una rangi (38,115,0), chai ina (60,140,20), na chai inachukua sehemu moja kati ya elfu ya ramani, yaani pikseli 4,320. Paleti ikiwa na rangi 16, kila kipande hubeba takriban pikseli 270,000. Chai yote ikiangukia katika kipande kimoja pamoja na msitu, itakuwa asilimia 1.6 ya kipande hicho. Wastani wa nyekundu utapanda kutoka 38 hadi 38.35, wa kijani kutoka 115 hadi 115.4, na wa buluu kutoka 0 hadi 0.32. Baada ya kukadiria namba nzima, rangi ya kipande ni (38,115,0), ambayo ni rangi ya msitu bila badiliko lolote. Chai imefutika kabisa, na msitu haujaonesha hata alama ya kuimeza.

Paleti ikiongezwa hadi rangi 256, kila kipande hubeba takriban pikseli 16,875. Sasa chai ikichanganyika na msitu katika kipande kimoja ni robo ya kipande, na wastani huwa karibu na (44,121,5). Rangi hii haimo katika ufunguo kabisa. Kwa mhakiki hali hii ni afadhali, kwa kuwa rangi ngeni huzua swali.

Ingeweza kudhaniwa kwamba njia zinazopunguza jumla ya makosa badala ya kuhesabu pikseli zitaiokoa chai. Si lazima. Umbali wa mraba kati ya rangi hizo mbili ni 22² + 25² + 20², yaani 1,509. Kuimeza chai katika msitu kunagharimu takriban 4,320 × 1,509, sawa na milioni 6.5. Ichukuliwe sasa sehemu ya miombo ya Handeni yenye pikseli milioni moja, ambayo kivuli kimeitawanya sawasawa katika ngazi 16 za kijani. Kuigawa sehemu hiyo mara mbili hupunguza kosa la kila pikseli kwa 16 katika namba ya kijani peke yake, na jumla ni milioni 16. Programu iliyobakiwa na nafasi moja ya paleti itaitumia kupamba miteremko ya miombo, na kwa kipimo chake itakuwa imefanya vema. Kipimo ndicho kisichofaa kwa ramani.

Kinga ya kwanza ni kutoiachia programu uamuzi wote. Nafasi chache za paleti hutengwa kwa rangi za ufunguo, na zilizobaki huachwa zichaguliwe kwa wingi. Rangi za ufunguo huandaliwa katika picha ndogo yenye kimo cha pikseli moja, kila rangi ikipewa pikseli yake. Katika amri zifuatazo picha hiyo imeitwa muhimu.png na haizidi rangi 16:

```
magick ramani.png +dither -colors 240 -unique-colors jumla.png
magick jumla.png muhimu.png +append paleti.png
magick ramani.png +dither -remap paleti.png PNG8:mwisho.png
```

Alama ya `+dither` huzima utawanyaji wa nukta, na katika ramani za uainishaji inafaa kuzimwa. Njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976 huchukua kosa la pikseli moja na kuligawia jirani zake kwa sehemu 7, 3, 5 na 1 za kumi na sita. Katika picha ya mtu hilo hulainisha shavu. Katika ramani huweza kupanda nukta za mkonge katikati ya miombo, mahali ambapo mkonge haujapata kulimwa.

Hata hivyo, kutenga nafasi moja kwa chai hakutoshi iwapo kivuli cha milima bado kipo, na hapa ndipo kinga hii hushindwa mara nyingi. Pikseli ya chai iliyofifishwa na kivuli hadi asilimia 80 huwa (48,112,16). Umbali wake hadi rangi ya chai katika paleti ni takriban 30.7, na hadi rangi ya msitu ni takriban 19.1. Pikseli huenda kwa rangi iliyo karibu, hivyo chai ya upande wa kivuli huandikwa msitu ingawa rangi ya chai imo katika paleti. Kivuli kikiwa cha asilimia 90, pikseli ni (54,126,18) na chai hupona, kwa umbali wa 15.4 dhidi ya 26.5. Matokeo ni shamba moja lililokatwa vipande viwili kwa kufuata mteremko, na msomaji anaweza kuandika aya nzima kuhusu msitu uliobaki upande mmoja wa kilima.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuingiza katika muhimu.png ngazi kadhaa za chai, kwa mfano za asilimia 100, 80 na 60. Njia hii ina ukomo wake: chai ya asilimia 60 ni (36,84,12) na msitu wa asilimia 70 ni (27,80,0), rangi ambazo hata jicho la mtu halizitofautishi kwa uhakika. Ya pili, ambayo ndiyo bora, hurudi nyuma hadi kwenye uchoraji. Chai hupewa rangi isiyo ya kijani, tuseme (255,170,0). Ikififishwa hadi asilimia 80 huwa (204,136,0), na bado iko mbali na kila kijani cha ramani. Mazoea ya kuchora kila mmea kwa kijani hayana uzito wa kuizuia hatua hiyo.

Mpangilio wa kazi nao una athari. Ramani hupunguzwa ukubwa kwanza ikiwa bado na rangi kamili, kisha paleti huwekwa mwisho, kwa kuwa kupunguza ukubwa kwa ulainishaji huzaa rangi mpya. Bwawa dogo kama la Hale linaweza kubakiwa na pikseli chache baada ya hatua hiyo, zote zikiwa zimechanganyika na rangi ya ufuo. Paleti haiwezi kurudisha kilichopotea hapo. Bwawa la namna hiyo huchorwa upya kama alama baada ya ukubwa kuamuliwa. Faili la rangi kamili huhifadhiwa kando, maana GIF haimwambii mtu ni rangi zipi zilizounganishwa.

Uhakiki hufanywa kwa kuorodhesha rangi za faili la mwisho pamoja na idadi ya pikseli za kila moja:

```
magick mwisho.png -format "%c" histogram:info:
```

Kila rangi ya ufunguo hutafutwa katika orodha hiyo kwa namba zake tatu. Kuwapo kwake peke yake si ushahidi, kwa sababu kisanduku cha ufunguo nacho kina pikseli. Kisanduku chenye pikseli 60 kwa 30 hutoa 1,800, na iwapo orodha inaonesha chai yenye pikseli 1,800 kamili, basi chai imebaki kwenye ufunguo tu, na Ambangulu imekwisha kuwa msitu.