Majivu Hayazimi Kiungulia

Kila siku ya kliniki lazima nilipate swali hili, na muulizaji karibu kila mara ni mama ambaye tumbo limeshapita wiki ya 30: "Dokta, majivu nilambe kiasi gani?" Mwingine huulizia magadi, mwingine kijiko cha baking soda kwenye glasi ya maji. Wote wanataka kipimo, kana kwamba kudhuru au kutodhuru ni suala la kipimo tu. Jibu langu ni moja. Hakuna kiasi. Usilambe, usikoroge, usinywe.

Najua majibu yatakayorudi. Bibi alilamba akazaa watoto wanane. Mama mkwe alilamba. Jirani amelamba wiki iliyopita na kiungulia kikanyamaza papo hapo. Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo linalowaponza watu. Majivu ya kuni na magadi ni vitu vikali vya upande ulio kinyume na tindikali. Vikikutana na tindikali ya tumbo huiua kwa dakika chache, na moto wa kifuani unapoa. Lakini vinapokutana vinatoa hewa nyingi, ile ile inayochemka ukitia magadi kwenye kitu kichachu. Hewa hiyo inajaza tumbo ambalo tayari limebanwa na mfuko wa uzazi, nawe unacheua. Kila unapocheua, mlango ulio kati ya tumbo na umio unafunguka, na kilichobaki tumboni kinapanda nacho. Baada ya muda mfupi kiungulia kimerudi, na mkono umerudi kwenye kopo la majivu. Nimewaona akina mama wanaolamba mara tano au sita kwa siku na wanaapa kwamba dawa inawasaidia. Ingekuwa inawasaidia, wangelamba mara tano?

Sasa tuangalie kinachoingia mwilini. Kijiko kimoja cha chai cha baking soda kina zaidi ya gramu moja ya sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku nzima, chakula chote kikiwemo. Kwa hiyo vijiko viwili vya usiku vimeshavuka kipimo cha siku kabla hujaonja mchuzi. Kwa mama ambaye miguu imeshaanza kuvimba na presha inafuatiliwa, huo ni mzigo asiouhitaji. Ukiendelea kwa wingi, damu yenyewe inapoteza uwiano wake: unapata kichefuchefu, misuli inakaza, unachoka bila sababu.

Magadi ni makali kuliko baking soda, na ndiyo maana hutumika kutengenezea sabuni. Yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi, yanaweza kuwa na madini mengi ya floridi, ambayo yameharibu meno ya watoto wengi kaskazini mwa Tanzania. Na majivu? Kabla hujaniambia kwamba ni ya asili, nenda jikoni ukaangalie jiko lako linawashwaje. Mfuko wa nailoni, kipande cha mbao kilichopakwa rangi, kopo la mafuta. Vyote hivyo vimo ndani ya majivu unayolamba, na rangi nyingi za zamani zina risasi, ambayo hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Hasara kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Vidonge vya madini ya chuma mnavyopewa kliniki, FEFO, vinahitaji tindikali ya tumbo ili chuma kifyonzwe. Ukivimeza pamoja na majivu au magadi, sehemu kubwa ya chuma inapita tu na kutoka. Udongo wa kula nao hushika chuma tumboni. Mama anameza vidonge kila siku kwa uaminifu, kadi imejazwa vizuri, na damu haipandi.

Nitaeleza mkasa mmoja. Mwalimu wa darasa la kwanza, mimba ya pili, wiki ya 34, alikuja kwangu kwa sababu ya sauti, si kwa sababu ya kiungulia. Kila asubuhi aliamka sauti imekwaruza, akaanza vipindi kwa kunong'ona, na mpaka karibu saa nne ndipo ilipomrudia. Duka la dawa lilikuwa limemuuzia amoksilini, akaimaliza, sauti ikabaki vile vile. Nyumbani alikuwa anapewa maji ya moto yenye limau na tangawizi. Alitaka nimwandikie dawa ya koo iliyo kali zaidi.

Sikumwandikia. Nilimuuliza kuhusu homa, mafua na maumivu akimeza. Hakuwa na hata kimoja. Nilitazama koo: hakuna usaha, kuna wekundu kidogo kwa nyuma. Pua haikuwa imeziba. Hilo nililiuliza makusudi, kwa sababu ujauzito hufanya pua za wanawake wengi zivimbe kwa ndani, wakalala mdomo wazi na kuamka koo limekauka. Sauti ya namna hiyo hufunguka baada ya glasi moja ya maji. Yake haikufunguka. Halafu nikamuuliza: ukiamka mdomo una ladha gani? Akasema uchungu, na kwamba anakohoa kusafisha koo tangu alfajiri, kama kuna kitu kimekwama.

Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana. Homoni za ujauzito hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na katika miezi ya mwisho mtoto anausukuma kutoka chini. Ukiwa umesimama au umekaa, tindikali inayopanda hushuka tena, na mate unayomeza huosha umio. Ukilala, mate yanapungua, kumeza kunapungua, na majimaji ya tumbo yanaweza kufika mpaka kwenye zoloto, penye nyuzi za sauti. Umio una ngozi inayostahimili kiasi. Zoloto haina, hivyo tone dogo linatosha kuivimbisha. Ndiyo maana sauti huharibika usiku na kupona mchana, na ndiyo maana wengine hukwaruzwa sauti bila kuhisi moto mkubwa kifuani. Amoksilini haina kazi hapo, kwa kuwa hakuna mdudu wa kuua. Limau nayo ni tindikali juu ya tindikali.

Nilipomuuliza ratiba ya jioni alinieleza bila kuficha. Chakula saa tatu usiku, mara nyingi wali na samaki wa kukaanga, chai ya rangi juu yake. Saa nne kitandani, chali, amejiegemeza kwenye mito mitatu. Kiungulia kikianza, kijiko cha maji ya majivu aliyoandaliwa na mama mkwe, na kwa kuwa maji yameshashikwa mkononi, anamezea na FEFO yake. Tulipima damu: 9.4. Katika miezi mitatu ya mwisho isishuke chini ya 11. Presha na mkojo vilikuwa sawa, navyo nilivipima kabla ya kuzungumza lolote kuhusu kiungulia.

Majivu yaliondoka siku hiyo. Chakula cha jioni kikasogea hadi saa kumi na mbili na nusu, kidogo, bila kukaanga, na kama njaa ilirudi alikula kipande cha kiazi au ndizi iliyoiva. Kati ya tonge la mwisho na kulala ziwepo saa tatu. Mito ikapunguzwa, kwa sababu mito mingi hukunja kiuno na kuminya tumbo zaidi; badala yake mume aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Alale ubavu wa kushoto. Maji anywe kati ya milo, asijaze tumbo wakati wa kula. Chai ya rangi, kahawa, pilipili na nyanya nyingi aziweke mbali jioni. Baada ya kula atafune bazoka isiyo na sukari, mate yaongezeke. Asinong'one, kwa kuwa kunong'ona huchosha nyuzi za sauti. Aongee polepole kwa sauti ya kawaida, na badala ya kukohoa kusafisha koo ameze funda la maji. FEFO ikahamia mchana, na dozi ikaongezwa.

Kwa dawa nilianza na ya maji yenye alijineti, ambayo huelea juu ya chakula tumboni na kuzuia kisipande, akinywa baada ya mlo na kabla ya kulala. Vidonge vya kutafuna vya kalsiamu kabonati, au vile vya magnesiamu na alumini, navyo vinafaa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na si kwa kutafuna kutwa. Vyovyote utakavyotumia, viachane na FEFO kwa saa mbili. Visipotosha, zipo famotidini na omeprazo, ambazo wajawazito huandikiwa. Hizo akuandikie mtoa huduma anayekufuatilia. Zile za unga zinazochemka kwenye maji ziache, nyingi ni baking soda ile ile. Na tafadhali usijinunulie "dawa ya vidonda vya tumbo" bila kutaja ujauzito: misoprostoli ni mojawapo, nayo hukaza mfuko wa uzazi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kwa ajili ya koo, usizimeze kwa uamuzi wako.

Baada ya wiki mbili mwalimu alikuja akiongea kwa sauti yake. Kiungulia hakikuisha, na sikumwahidi kitaisha. Kilipungua mpaka akalala. Damu ilipanda polepole kabla ya kujifungua. Kwa wengi, kiungulia hiki huondoka mtoto akishazaliwa. Sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu baada ya uzazi, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Kuna vitu visivyosubiri matofali wala dawa ya kutafuna. Kutapika damu, chakula kukwama kila ukimeza, au sauti kukauka huku uso umevimba na pumzi inabana. Na kuna hili ambalo nataka likae kichwani mwa kila mume, dada na mama mkwe anayesoma hapa: maumivu makali chini ya kifua au chini ya mbavu za kulia, katika nusu ya pili ya mimba, hasa yakiambatana na kichwa kuuma, macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba, yanaweza kuwa ni presha ya ujauzito inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Wengi huyaita kiungulia na kuyapa majivu. Mpelekeni kituoni usiku huo huo, apimwe presha na mkojo.