Ghala Likigeuzwa Nyumba: Lipi Libaki, Lipi Litoke?

Mwenye ghala lililofungwa Njiru anayetaka kuligeuza nyumba za kupangisha hukabiliwa na swali moja kabla fundi hajashika nyundo: ni sehemu gani za jengo la zamani zibaki? Akibomoa zote, atalipia upya kuta ambazo tayari anazo. Akibakisha zote, huenda wapangaji wakalala chini ya paa lenye sumu.

Nairobi imewahi kuyapa maghala kazi mpya. Mwaka wa 2003, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza katika ghala lililokuwa la kutengeneza magari kwenye Barabara ya Dunga, Eneo la Viwanda. Lakini msanii hurudi kwake jioni. Nyumba huhitaji mwanga, choo na njia ya kukimbilia moto ukizuka usiku. Kwa hiyo kila sehemu ipimwe kwa maswali mawili: je, bado ni imara? Na je, inafanya kazi ambayo nyumba inaihitaji?

Chukua mfano wa ghala lenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, lenye kuta za mawe na kenchi za chuma kila baada ya mita 5.

Kuta

Mawe ya kuchonga, kama yale ya machimbo ya Njiru, kwa kawaida hustahili kubaki. Fundi akwaruze simiti iliyo kati ya mawe kwa msumari. Ikimwagika kama mchanga, sehemu hiyo ijazwe upya. Nyufa zinazopanda kimshazari kutoka kwenye pembe za milango huenda zikaonyesha kuwa msingi umesogea, jambo la kawaida kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukuta wa namna hiyo usiamuliwe kwa macho. Mhandisi achimbe aone msingi.

Madirisha mapya yakatwe katikati ya kenchi mbili, kamwe si chini ya kenchi, kwa kuwa hapo ndipo uzito wa paa unaposhukia.

Kenchi na paa

Mwanga wa dirisha huingia ndani takriban mara mbili ya kimo chake kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita 2.4 huangaza karibu mita 5, kwa hiyo katikati ya ghala la mita 15 patakuwa giza. Suluhisho ni kuondoa mabati ya katikati kwa upana wa mita 3 ili kupata ua. Kila upande hubaki mita 6. Kwa kuwa kenchi ziko kila mita 5, hupatikana nyumba 6 kwa kila upande, yaani 12, zenye mwanga mbele na nyuma.

Kenchi zibaki juu ya ua pamoja na vyuma vinavyoziunganisha. Vikikatwa, kenchi hukosa cha kuzizuia zisipinde. Kosa linalotia hofu zaidi ni kuning'iniza ghorofa juu ya kenchi hizo. Zilitengenezwa kubeba mabati, si vitanda na watu. Anayetaka ghorofa ya ndani aijenge juu ya nguzo zake zenye msingi wake.

Paa likiwa la asbestosi, lote litoke. Lisivunjwe wala kukatwa kwa msumeno, kwani vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Ni taka hatari, na hubebwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA.

Sakafu

Sakafu nzito ya ghala ni mali, lakini ikaguliwe. Karatasi ya plastiki ibandikwe pande zote kwa siku nzima. Matone yakionekana chini yake, unyevu unapanda na sakafu inahitaji kizuizi. Mahali palipomwagika oili au dawa za kunyunyizia mimea, sakafu ivunjwe na udongo wa chini upimwe. Kupaka rangi juu yake hakuondoi sumu.

Jikoni na bafu zikielekezwa kwenye ua, mtaro mmoja wa mita 30 hutosha nyumba zote 12, na sehemu kubwa ya sakafu haiguswi. Milango mikubwa ya ghala iliyo kwenye ncha mbili za ua hubaki kuwa njia za kutokea. Mageti yake yafunguke kutoka ndani bila ufunguo.

Kibali

Kugeuza ghala kuwa makazi ni kubadilisha matumizi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, mwenye ploti huomba kibali cha kaunti na kutoa notisi kwa umma kabla ya kazi kuanza. Michoro ionyeshe wazi, kwa kila ukuta, kenchi na sakafu, kinachobaki, kinachotoka na sababu yake. Mradi huo pia husajiliwa na NCA.