Hisa moja, opsheni mbili na mkopo uliojificha

Katika karne ya 19, New York ilikuwa na sheria iliyoweka kikomo cha riba. Tajiri mmoja wa mji huo, Russell Sage, alijulikana kwa mbinu ya kuikwepa. Alinunua hisa za mteja aliyehitaji fedha. Papo hapo mteja alimpa haki ya kumrudishia hisa hizo baadaye kwa bei waliyopatana, naye Sage akampa mteja haki ya kuzinunua tena kwa bei hiyohiyo. Hisa zikipanda, mteja angezidai. Zikishuka, Sage angemrudishia. Kwa vyovyote vile angepokea kiasi kilekile. Ziada juu ya fedha alizotoa ilikuwa riba, ingawa hakuna karatasi iliyoitaja.

Haki hizo mbili ndizo zinazoitwa opsheni. Ya kwanza ni opsheni ya kuuza, ya pili ni ya kununua. Mwenye opsheni anaweza kuitumia au kuiacha. Aliyemuuzia hana hiari, sharti atimize. Na kama alivyojua Sage, ukinunua hisa, ukanunua opsheni ya kuuza na kuuza opsheni ya kununua, zote kwa bei moja ya mkataba na siku moja ya ukomo, umekopesha fedha tu. Basi mkusanyiko huo unapaswa kugharimu sawa na mkopo wa kawaida. Mwaka 1969 mchumi Hans Stoll alichapisha makala iliyoieleza kanuni hiyo kitaalamu.

Tuchukue mfano. Hisa inauzwa dola 100 na haitatoa gawio mwaka huu. Riba ni asilimia 5 kwa mwaka. Opsheni zote mbili zina bei ya mkataba ya dola 105 na zinatumika siku ya mwisho wa mwaka tu. Kwa riba hiyo, dola 105 za mwakani ni sawa na dola 100 za leo, yaani bei ileile ya hisa. Kwa hiyo opsheni mbili hizi lazima ziwe na bei moja. Ya kuuza ikiwa dola 8, ya kununua nayo iwe dola 8.

Sasa wanunuzi wenye matumaini wanaipandisha opsheni ya kununua hadi dola 10. Mfanyabiashara makini anakopa dola 98. Ananunua hisa kwa 100 na opsheni ya kuuza kwa 8, kisha anauza ile ya kununua kwa 10. Mfukoni mwake hakijatoka kitu. Mwakani hisa ikifika dola 130, aliyenunua opsheni ataichukua kwa 105. Ikianguka hadi 70, mfanyabiashara atatumia haki yake na kuiuza kwa 105. Anadaiwa dola 102.90, hivyo anabakiwa na 2.10 kwa kila hisa, bila kubashiri lolote.

Faida ya namna hiyo haikai. Wengi wakiikimbilia, mauzo yao yanaishusha opsheni ya kununua, na manunuzi yao yanaipandisha hisa na opsheni ya kuuza, hadi pengo lizibe. Lakini kanuni haisemi kwamba dola 8 ndiyo bei sahihi. Zote mbili zingeweza kuwa dola 15 na isivunjwe. Inachofunga ni tofauti kati yao.

Tatizo huanza pengo linapokuwa upande wa pili, opsheni ya kununua ikiwa rahisi mno. Hapo mfanyabiashara hugeuza hatua zote: hununua opsheni ya kununua, huuza ile ya kuuza, kisha huazima hisa na kuiuza leo. Je, asipopata wa kumwazima?

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2000 Marekani, kampuni ya 3Com ilipouza sehemu ndogo ya hisa za kampuni yake tanzu, Palm. Bei ya Palm ilipaa, wengi wakaiona imezidi, lakini hisa za kuazima zilikuwa adimu. Wenye shaka wakakimbilia opsheni za kuuza, zikawa ghali kupita kiasi zikilinganishwa na za kununua. Pengo lilionekana wazi, ila waliokuwa na njia ya kulichukua walikuwa wachache.

Kwa hiyo anayeona pengo kwenye skrini huanza kwa kukagua hesabu yake. Je, kuna gawio kabla ya siku ya ukomo? Hisa ikilitoa, thamani yake ya leo huondolewa kwenye bei ya hisa. Je, opsheni inaweza kutumika kabla ya siku hiyo, kama ilivyo kwa opsheni nyingi za hisa za kampuni Marekani? Hapo usawa kamili hulegea. Je, bei zote ni za dakika hiyohiyo? Ada ya kuazima hisa ni kiasi gani? Mara nyingi pengo huisha kabla swali la mwisho halijajibiwa.